Straiki siku tatu kabla ya harusi

Simu iliingia Jumatano asubuhi, tarehe 5 Februari 2025, nikiwa kwa fundi nasubiri betri ya kamera. Alikuwa mama wa bibi harusi. "Mwanangu, watu wa Maskati wananiambia ile linki uliyotupa haifunguki. Wanabonyeza wanaambiwa video ni ya faragha. Kulikoni?"

Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba huko kwao mtandao unasumbua. Nikakata simu, nikabonyeza linki mwenyewe, na mimi nikaambiwa video ni ya faragha.

Kazi yangu ni kupiga picha na video za harusi hapa Tanga, na kwa miaka minne sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo imekuwa laivu. Familia nyingi za huku zina ndugu Oman, na siku ya nikaha shangazi aliyeko Maskati anataka amwone bibi harusi kwa wakati uleule, asisubiri kutumiwa flashi. Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya shughuli natengeneza laivu kwenye chaneli yangu ya YouTube, naipangia siku na saa, napata linki, naipeleka kwa wenyewe. Safari hii wenyewe walikwenda mbali zaidi: ile linki waliigeuza alama ya kuskani wakaichapa kwenye kadi za mwaliko. Kadi mia tatu. Nikaha ilikuwa Ijumaa baada ya Alasiri, saa kumi kwetu, saa kumi na moja Maskati.

Nilipofungua YouTube Studio kwenye simu ndipo nilipoona. Kwenye ukurasa wa mbele kulikuwa na kadi imeandikwa `Channel violations`, na chini yake straiki moja, yaani alama ya adhabu ya YouTube, ya miongozo ya jamii, iliyotolewa jana yake, Jumanne tarehe 4. Barua pepe ya taarifa ilikuwa imeshatumwa pia, lakini chaneli yangu niliifungulia anwani ya zamani ambayo haipo kwenye simu yangu. Sikuiona. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na lilinigharimu siku nzima, kwa sababu adhabu huanza kuhesabiwa pale straiki inapotolewa, uwe umesoma au hujasoma.

Kila niliyemweleza alidhani ni muziki. "Si umecheza taarabu ya watu!" Hapana. Straiki ya hakimiliki ni daftari jingine kabisa. Ile hutoka kwa mwenye kazi aliyelalamika kwamba umetumia mali yake, na ina hesabu yake. Hii yangu ni ya miongozo ya jamii, yaani sheria za YouTube yenyewe kuhusu nini kinaruhusiwa kuwekwa na nini hakiruhusiwi: matusi, vitisho, utapeli, mambo ya hatari, na, kama nilivyokuja kujua, linki. Daftari hizi mbili hazijumlishwi. Ukiwa na mbili huku na moja kule, huna tatu.

Nianze na asili yake, maana straiki yenyewe niliipanda kwa mkono wangu mwaka 2021.

Wakati ule harusi zilikuwa chache, nikawa natengeneza video za kuwafundisha vijana kuhariri. Video kumi na mbili kwa jumla. Programu tuliyokuwa tukitumia ni ya kulipia kila mwezi, na nani kati yetu alikuwa analipa? Kwenye maelezo ya kila video nikaweka linki ya mahali pa kuipata bure, ile iliyovunjwa kufuli. Niliona nawasaidia watu. Kumbe miongozo ina kifungu chake kuhusu linki za nje, na kifungu hicho kinakataza kupeleka watu kwenye tovuti au programu zinazotoa bure, bila idhini, vitu vya kulipia: muziki, filamu, michezo, programu za kompyuta, huduma za kutazama chaneli. Wala haijalishi linki umeiwekaje. Ukiitaja kwa mdomo ndani ya video, ukiandika anwani kwenye picha, ukiandika "nukta kom" kwa maneno ili kuzuga, yote hiyo kwao ni linki.

Oktoba 2023 video moja kati ya zile kumi na mbili iliondolewa. Nikapewa onyo, kwa sababu kosa la kwanza kwa kawaida huwa onyo tu. Chaneli haifungiwi chochote, unaendelea na kazi zako. Taarifa ilinieleza pia kwamba naweza kuchukua mafunzo mafupi, ni maswali ya kuchagua jibu kuhusu ile sheria niliyovunja, na nikiyamaliza na kukaa siku 90 bila kuvunja sheria hiyohiyo, onyo linafutika. Nisipoyachukua, onyo linabaki kwenye chaneli na halina tarehe ya kuisha.

Nilisoma, nikasema nitafanya kesho. Ile kesho ndiyo hii ya Februari 2025. Laiti ningejibu yale maswali Oktoba ile, onyo lingefutika Januari 2024, na hii video ya pili kati ya zile kumi na mbili, iliyoondolewa sasa, ingeniletea onyo jipya, si straiki. Harusi ingepita salama. Halafu kuna kosa ambalo hadi leo nikilikumbuka najiuma kidole: baada ya lile onyo sikugusa zile video kumi na moja zilizobaki. Linki ni ileile, maneno ni yaleyale, niliyanakili toka video moja hadi nyingine. Nilidhani kwa kuwa walizikagua wakaondoa moja, basi zilizobaki zimepita. Hakuna kitu kama hicho. Video ya miaka mitatu iliyopita inaweza kuondolewa leo asubuhi, na hata zile ulizoziweka za faragha au zisizoorodheshwa ziko chini ya miongozo hiyohiyo.

Basi pale kwa fundi nikakaa kwenye kiti cha plastiki nikasoma nilichofungiwa. Nilidhani straiki inazuia video mpya tu. Orodha ni ndefu kuliko hivyo. Kwa siku saba huwezi kupandisha video yoyote, ndefu wala fupi. Huwezi kwenda laivu. Laivu uliyokwisha kuipangia huwezi kuianzisha. Huwezi kupangia video itoke hadharani siku fulani, huwezi kuandaa onyesho la kwanza, huwezi kubadili thamneli kwa picha yako, huwezi kuandika chapisho la jamii, huwezi kutengeneza wala kuhariri orodha za video. Na kila ulichokuwa umekipangia kutoka ndani ya siku hizo kinageuzwa cha faragha. Ndiyo maana linki ya harusi ilikufa: laivu yenyewe haikufutwa, iligeuzwa ya faragha, na alama iliyoko kwenye kadi mia tatu ilikuwa inawapeleka watu kwenye mlango uliofungwa.

Video zangu za zamani zilibaki palepale, watu wanaendelea kutazama. Hili huwachanganya wengi. Mgeni akifungua chaneli yako haoni dalili yoyote ya straiki, kwa hiyo usitegemee kuambiwa na watu. Ni wewe na Studio yako.

Nikahesabu. Jumanne tarehe 4 kujumlisha siku saba ni Jumanne tarehe 11. Harusi Ijumaa tarehe 7. Haikuwa na ujanja.

Usiku huo nilifanya mambo mawili ya kijinga na karibu nifanye la tatu, ambalo lingenimaliza.

La kwanza lilikuwa rufaa. Ndani ya ile kadi ya `Channel violations` kuna kitufe cha `Appeal`, unaandika sababu zako na unatuma. Kila straiki inakatiwa rufaa mara moja tu, na mimi nafasi yangu nikaitumia kulia. Niliandika kwamba kuna harusi Ijumaa, kwamba wazee wako Maskati hawawezi kusafiri, kwamba mimi ni mtu wa familia na kazi hii ndiyo inayonilisha. Sentensi zote za kweli, na hakuna hata moja iliyohusu swali linaloulizwa. Anayepitia rufaa anaangalia jambo moja: je, hii video imevunja sheria au haikuvunja? Yangu ilivunja. Jibu lilikuja kwa barua pepe, straiki inabaki. Nikaenda la pili: niliifuta ile video iliyonipa straiki, nikidhani kosa likiondoka na adhabu inaondoka. Straiki haikutikisika. Kufuta video hakufuti straiki.

Rufaa ina maana pale ambapo kweli unaona hukukosea. Kwa mfano linki ilikuwa ya tovuti rasmi ya wenye programu, au maneno yako yametafsiriwa vibaya, au ulikuwa unaonya watu dhidi ya kitu na si kuwafundisha wakifanye. Hapo andika mistari michache inayoonyesha sehemu husika, dakika ngapi, ulisema nini, kwa nini haivunji kifungu kile. Wakikubali, video inarudi na straiki inaondolewa. Wakati mwingine wanairudisha kwa sharti la umri. Na ukiwa bado unasubiri jibu, usimwahidi mteja chochote. Mimi niliendelea kuwa nimefungiwa muda wote niliokuwa nasubiri.

La tatu lilikuwa wazo la mdogo wangu. "Kaka, mimi nina chaneli, ina watu mia na kitu. Rusha kwangu, nani atajua?" Nilishaanza kumwambia alete simu. Kilichoniokoa ni kwamba nilikuwa bado nimefungua ukurasa wa sheria za laivu, na macho yakaangukia hapo hapo: akaunti ikiwa imezuiwa kurusha laivu, mwenye akaunti haruhusiwi kutumia chaneli nyingine kurusha laivu kwa muda wote wa kizuizi. Kufanya hivyo ni kukwepa adhabu, na mwisho wake unaweza kuwa kufungwa akaunti moja kwa moja. Yaani kwa ajili ya laivu ya saa mbili ningeweza kupoteza chaneli yenye harusi za miaka minne, na ya mdogo wangu juu yake. Najua wapo wanaofanya na wakapita. Sikutaka kuwa wa kujaribia.

Alhamisi asubuhi nikavaa kanzu, nikaenda kwa mama wa bibi harusi. Nilishapanga maneno njiani ya kusema ni hitilafu ya mitambo, lakini nilipofika nikakuta kadi zimebaki zimepangwa mezani, na wajukuu wanaandika kwa kalamu namba za meza juu yake. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli: "Mama, chaneli yangu imefungiwa wiki moja kwa kosa langu la zamani. Kesho sitaweza kurusha."

Akanyamaza kidogo. "Umetukana watu?"

"Hapana mama. Niliweka linki ya programu ya wizi."

"Ya wizi," akarudia, kama anaionja. Halafu akauliza la maana: "Sasa dada yangu atamwona vipi huyu mtoto?"

Nilikuwa na jibu. Usiku ule nilishampigia mwenzangu wa kazi hapahapa mjini, ana chaneli yake, vifaa vyake na vijana wake, na Ijumaa alikuwa wazi. Laivu ingekuwa kazi yake yote: kamera yake, kompyuta yake, modemu yake, chaneli yake, jina lake. Mimi ningebaki na kurekodi video ya familia na picha za mnato. Hilo si kukwepa adhabu, ni kumpa mtu mwingine kazi ambayo wewe huwezi kuifanya wiki hiyo. Nilihakikisha hata akaunti yangu haigusi laivu yake popote.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Tulipatana na familia shilingi 450,000 kwa laivu peke yake, nje ya picha. Mwenzangu alitaka 300,000, na kwa taarifa ya siku moja siwezi kumlaumu. Familia niliwarudishia 100,000 kwa usumbufu wa kadi. Nikabaki na 50,000, ambayo iliishia kwenye vocha na bodaboda za kuzunguka kusambaza linki mpya. Maana alama iliyochapwa haibadiliki. Tulitengeneza ujumbe mfupi wa WhatsApp wenye linki mpya, mabinti wa nyumba ile wakausambaza kwa makundi yote ya ukoo, lakini kuna wazee wawili Maskati waliokaa kuanzia saa kumi na moja yao wakiskani kadi waliyotumiwa picha yake, wakipata mlango uliofungwa. Waliona nikaha baadaye kwenye marudio. Hilo ndilo liliniuma kuliko zile fedha.

Jumanne tarehe 11 nilikuwa nafungua Studio kila baada ya nusu saa. Mchana kitufe cha kupandisha video kikafanya kazi, bila kuomba kwa mtu, haki zinarudi zenyewe wiki ikiisha. Lakini zile video tatu fupi za harusi nyingine nilizokuwa nimezipangia kutoka wiki ile hazikutoka zenyewe. Zilibaki za faragha, ikabidi nizipangie siku upya moja baada ya nyingine. Ukisahau hapo unaweza kukaa mwezi ukijiuliza kwa nini video haitazamwi. Kabla ya kumwahidi mtu yeyote nilifanya kwanza laivu ya majaribio, isiyoorodheshwa, dakika tano ya feni ya dari inazunguka. Ikaenda.

Hapa nimtaje yule mwenzangu mwingine wa Muheza, kwa sababu kisa chake ndicho kilichonifundisha kwamba siku saba si jibu la kila mtu. Yeye anarusha mechi za mtaani. Siku moja kwenye maelezo ya laivu yenyewe akaweka linki ya programu ya kutazama chaneli za kulipia bure, kosa la kifungu kilekile changu. Tofauti ni kwamba langu lilikuwa kwenye video ya kurekodiwa na lake lilikuwa kwenye laivu. Laivu ikaondolewa, akapata straiki, na kurusha laivu akafungiwa siku 14. Baada ya wiki akaona anaweza kupandisha video za kawaida, akatangaza mechi ya Jumapili, watu wakajaa kusubiri, kitufe cha laivu kikakataa. Kwa hiyo anayeishi kwa laivu asisome tu ule mstari wa siku saba unaosemwa na kila mtu. Aangalie straiki imetoka kwenye nini, na asome kwenye Studio yake tarehe ya laivu peke yake.

Wengi wakishafunguliwa wanadhani yameisha. Mimi pia nilidhani. Kumbe kufungiwa na straiki ni vitu viwili. Kufungiwa kwangu kulikwisha siku ya saba, straiki yenyewe inakaa siku 90 toka ilipotolewa. Yangu ya tarehe 4 Februari ilikuwa inaisha tarehe 5 Mei. Si miezi mitatu, ni siku 90, chukua kalenda uhesabu kwa kidole. Ndani ya siku hizo unafanya kazi zote kama kawaida, ila umesimama kwenye ngazi ya kwanza ya ngazi tatu. Straiki ya pili ikija kabla ya ya kwanza kuisha unafungiwa wiki mbili. Ya tatu ndani ya muda huohuo, chaneli inaondolewa moja kwa moja. Na kuna makosa mazito ambayo hayasubiri ngazi yoyote, chaneli inafungwa kwa kosa la kwanza.

Kila straiki ina saa yake. Nilijichorea hivi kwenye daftari. Tuseme ya pili ingenipata tarehe 10 Aprili. Ningefungiwa hadi tarehe 24 Aprili. Tarehe 5 Mei ile ya kwanza ingeisha, nikabaki na moja tu, lakini hiyo ya pili ingeendelea kuwepo hadi tarehe 9 Julai. Haziishi pamoja kwa sababu ziko chaneli moja.

Na hebu ona ilivyoniangukia vibaya. Ile Februari ilikuwa Shaabani, msimu wa kila mtu kuharakisha harusi kabla ya Ramadhani. Machi ikawa mfungo, hakuna shughuli. Kisha Aprili ikaingia mfungo mosi, harusi kila Ijumaa na kila Jumapili, na mimi bado nimebeba straiki. Wiki mbili za kufungiwa katika mfungo mosi zingekuwa harusi nne au tano.

Ramadhani ile ndiyo niliyoitumia kufagia. Baada ya daku sikulala, nilikaa na chaneli nzima toka video ya kwanza. Zile kumi za mafunzo zilizobaki nilizifuta zote. Sikutaka hata kuhariri maelezo yake, kwa sababu sikumbuki nilisema nini kwa mdomo ndani yake, na kuzisikiliza saa sita za sauti yangu ya 2021 nilikuwa sina uvumilivu huo. Kuzifanya za faragha kusingesaidia, nimeshasema. Halafu nikapitia maelezo ya video za harusi. Nikakuta kwenye nyingine nilibandika ule mkia wa zamani wa "pata programu hapa" bila kujua, kwa sababu Studio ilikuwa imewekewa maelezo ya kujijaza yenyewe kila nikipandisha video. Huo mkia ulikuwa unanifuata miaka yote. Yeyote aliyewahi kuweka linki za kujijaza aende akaangalie hapo kwanza, kabla ya kuhangaika na video moja moja.

Nilibadilisha na barua pepe ya chaneli, sasa iko kwenye simu ninayoilalia. Na alama za kwenye kadi siku hizi siziunganishi na video. Naziunganisha na kundi la WhatsApp la shughuli husika, ndani yake naweka linki ya laivu. Linki ikifa naweka nyingine palepale, na kadi zinaendelea kufanya kazi. Kwenye makubaliano na mteja nimeongeza mstari mmoja unaosema nikishindwa kurusha kwa sababu ya chaneli yangu, nitamtafuta mwingine kwa gharama yangu. Mwenzangu yule wa laivu ya Ijumaa naye kauongeza wake, kwa hiyo mmoja wetu akifungiwa mwingine anajua cha kufanya.

Katikati ya Aprili yule mama akapiga tena. Binti wa pili kaposwa.

"Mwanangu, ile laivu yako imepona?"

Nikamweleza kwamba kurusha naweza toka Februari ile ile, ila ile straiki yenyewe inafutika Jumatatu tarehe 5 Mei, na hata kabla ya hapo hakuna shida, nimesharusha harusi tatu toka Idi. Nikamweleza tofauti ya kufungiwa na straiki kama nilivyoieleza hapa, kwa utulivu, na mfano wa ngazi.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikamsikia anamwambia mtu pembeni yake, "Wapigie wakwe. Waambie tunaiweka Ijumaa ya tarehe 9 Mei."